Fibre ya Baba Tina

Nianze na ukweli, maana uongo nimeshaumaliza: kwangu Likasi hakuna fibre, ile internet ya waya inayoingia nyumbani. Hakujawahi kuwa. Kuko simu yangu yenye kioo kilichopasuka, na kuko minye, Georges, Baba Tina, fundi wa kuchomelea vyuma, muntu wa mudomo.

Mudomo ulinitoka kwenye matanga. Vijana walikuwa wanalalamika kwamba kucheza mpira kwenye Play, ile mashine ya michezo ya televisheni, na watu wa mbali kunataka internet ya nyumba. Nikaingilia: "Minye niko na fibre. Nacheza na watu wa Dakar, haikwami hata kidogo." Kucheza nilicheza kweli, ila kwa hotspot ya simu. Nawasha hotspot, Play inajiunga, mechi inakula mega arobaini hivi, nazima palepale. Hotspot yenyewe niliipa jina: FIBRE GEORGES. Nilijiona injinia kabisa. Kumbe mama mukwe wangu, Mama Henriette, alikuwa amekaa nyuma yangu, na habari akaibeba mpaka kwao Kapolowe.

Mwaka ukapita. Siku moja akapiga simu. Gaëlle, mdogo wa mke wangu Mamie, alikuwa amemaliza masomo ya laboratwari, na kampuni moja ya madini ilitaka kumuuliza maswali kwa video, Jumamosi saa nane mchana. Kule kwao network inakuja na kuondoka inavyotaka. "Tutakuja kwako, mukwe. Si kwako kuko fibre?"

Ningesema nini? Nilisema, "Karibuni, mama. Hata leo."

Jumamosi nikanunua giga nne. Nilipiga hesabu vizuri: video ya saa nzima ni giga moja, labda na kidogo. Simu nikaiweka juu ya kabati chumbani, nikaizima sauti, nikaichomeka kwenye chaja kwa sababu hotspot inamaliza betri haraka. Sebuleni, ordinateri ya Gaëlle, kompyuta yake ya shule, ikaiona FIBRE GEORGES, ikajiunga, alama zote zimejaa. Mama Henriette akagusa ukuta kwa kidole.

"Iko ndani humu?"

"Ndani kabisa, mama."

Mungu anisamehe. Kisha mama akatuombea sala, ndefu kweli, wote tumefumba macho, na Gaëlle akaanza.

Baada ya robo saa nikaingia chumbani kuangalia salio. Imebaki giga moja na nusu tu! Nikaangalia tena. Mutoto wa watu anakula nini mule? Video haiwezi kula hivyo. Nikafungua ukurasa wa hotspot: vifaa vilivyojiunga, viwili. Cha kwanza ni ordinateri. Cha pili, jamani, ni Play.

Nilikuwa nimeiacha imesinzia tu, sikuizima, ili wageni wakiondoka niendelee na mechi yangu bila kungoja. Na Play ikisinzia hivyo inabaki kwenye internet, inajitafutia mise à jour, matoleo mapya ya michezo, yenyewe, usipoikataza. Minye sikuikataza. Siku nyingine haikupata nafasi kwa sababu hotspot nilikuwa naizima upesi. Leo niliiachia mlango wazi, nayo ikaanza kushusha giga thelathini za mchezo fulani wa vita ambao hata siuchezi. Taa yake ya rangi ya chungwa sikuiona: Mamie alikuwa ameifunika Play kwa kitambaa cha kufuma, kama anavyofunika kila kitu wageni wakija.

Simu yangu ni ya zamani, inahesabu vifaa tu, haijui kufukuza hata kimoja. Nikibadilisha neno la siri, Gaëlle naye anatoka. Ilibaki kwenda kuichomoa Play. Lakini ilikuwa chini ya televisheni, kwenye rafu ya mwisho, na miguu ya Mama Henriette ilikuwa papo hapo mbele yake. Mukwe mzima nipige magoti, nitambae mpaka kwenye miguu ya mama mukwe, matako yameelekea dari? Hapana. Kwetu muntu afadhali afe.

Ndipo akili yangu kubwa ikafanya kazi. Simu iko na betri. Ordinateri iko na betri. Play haina. Nikatoka nje taratibu mpaka kwenye mita, nikashusha swichi kubwa huku najisifu moyoni.

Ndani kukapigwa kelele. Betri ya ordinateri ya Gaëlle, nilikuja kujua, ilikufa zamani. Bila kuran, umeme wa ukutani, haikai hata sekunde.

"Wamekata kuran!" Mamie alilia. Mama Henriette akaanza kuwatukana watu wa kuran. Na minye, naona haya kusema, nikaingia nikitikisa kichwa: "Aah, hawa watu!" Nilifurahi hata. Hakuna atakayejua.

Gaëlle hakutukana muntu. Alikuwa anatazama kioo cheusi, machozi yanashuka. "Walikuwa wameniuliza swali gumu sasa hivi. Watasema nimekimbia."

 Miaka mitatu mama yake aliuza samaki barabarani ili huyu asome. Nikaenda chumbani, nikarudi na simu mkononi.

"Ingia kwa hii. Si ulinitumia ile lien ya kuingilia video Alhamisi nijaribu? Bonyeza."

"Lakini shemeji, kuran haiko, fibre itatoka wapi?"

"Fibre ndiyo hii."

Mama Henriette akaitazama simu, akautazama ukuta.  Nikasimama mbele ya Gaëlle nimeishika simu kwa mikono miwili. Play ilikuwa imekufa, kwa hiyo giga iliyobaki ilitosha.

Sura ya bwana mmoja wa kampuni ikatokea, Gaëlle akamwambia kuran ilikatika. "Mademoiselle, weye ni wa tatu leo. Swali likiwa gumu, kuran inakatika. Nafikiri tuishie hapo."

Gaëlle hakujua kuran ilikatwa na nani. Atajuaje? Nikaigeuza simu. Sura yangu ikajaa pale, na jasho lake.

"Monsieur, kuran haikukatika. Ni minye niliikata. Play ilikuwa inakula mega zake, na nilishindwa kuichomoa kwa sababu ya miguu ya mama mukwe wangu. Huyu mutoto hajui kitu. Hakukimbia."

 Halafu mama mmoja aliyekaa kando ya yule bwana akacheka mpaka akavua miwani.

"Na weye ni nani?" bwana akauliza.

"Minye ndiyo fibre, monsieur."

Akajikaza asicheke, akashindwa. "Bon. Irudishe simu kwake. Mademoiselle, swali lilikuwa la kupima shaba kwenye jiwe." Gaëlle akafuta machozi, akaanza, na hakusimama tena. Sikuelewa hata neno. Lakini simu sikuishusha.

Kazi alikuja kuipata, kule Kambove, ila siku ile hatukujua bado. Alipomaliza nilirudisha kuran, nikakaa, sikumtazama muntu. Mama Henriette akamgeukia binti yake.

"Mamie, weye ulijua?"

"Mama, fibre gani inatoka asubuhi na bwana kwenda kazini, halafu inarudi naye magaribi? Nilijua tangu juma la kwanza." Akaichukua simu mkononi mwangu, akaipangusa jasho kwa kitenge chake. "Nilikuwa nangoja tu aniambie."