Kituo cha Nyuma ya Ghala la Mbao

Umewahi kuuliza swali dogo tu, la heshima, kisha likamwaga damu? Mimi nimeuliza. Nililiuliza ndani ya basi, saa mbili na robo asubuhi, nimekaa kiti cha pili nyuma ya dereva, na mkamwana wangu kakaa dirishani.

Tulikuwa tunakwenda mahakamani. Mshtakiwa ni mwanangu wa kumzaa. Shahidi ni huyu mkewe, ambaye mwanangu alimvunja mkono kwa mguu wa kiti mpaka mfupa ukachungulia nje. Kesi ilishaitwa mara mbili, na mara zote mbili shahidi hakutokea, maana mume alikuwa nje kwa dhamana na alimfungia chumbani. Hakimu akasema shahidi asipofika safari hii, kesi anaifuta. Basi nikamtorosha, nikamficha siku nne kwa dada yangu. Mimi, mama mtu. Watu walinisema mpaka masikio yakaota sugu. Lakini mchelea mwana kulia hulia yeye, nami nilikuwa nimelia vya kutosha.

Ila polisi niliripoti mimi. Yeye mwenyewe, muuguzi akimuuliza, jirani akimuuliza, jibu lilikuwa moja: "Niliteleza." Hata asubuhi ile nilimuuliza, "Mwanangu, hakimu akikutazama utamwambia nini?" Akaangalia plasta yake nyeupe. "Sijui, mama."

Basi lile tulilichagua kwa sababu. Kituo cha mahakama kiko mbele ya lango, na langoni hukaa askari wawili wenye bunduki. Ukishuka, hatua kumi umeingia. Mume akiwa na hasira zake atakutazama tu.

Kabla ya taa za barabarani, kisanduku cha redio kando ya usukani kikakoroma. Dereva, mtu mnene mwenye kitambaa cha jasho kilichokunjwa vizuri begani, akasikiliza, akajibu, "Nimekupata ofisi." Akachukua kipaza sauti.

"Abiria wangu, habari za asubuhi, na hii ndiyo habari yenyewe. Bomba kuu la maji limepasuka. Barabara imefungwa mpaka darajani. Tunakata kushoto kwenye taa, tunapita mtaa wa karakana, tunarudi njia yetu baada ya daraja. Posta, soko na mahakama hatufiki. Wa posta mtashukia ukuta wa shule. Wa sokoni, kituo cha mafuta. Wa mahakamani, kituo cha tatu, nitawaambia tukikaribia. Jioni mtapandia ng'ambo ya hapo hapo mliposhukia. Na hakuna kushuka katikati, hata ukiniita mjomba."

"Na nikikuita shemeji?" akauliza fundi viatu aliyekaa nyuma yetu, kisanduku cha vifaa mapajani.

"Nitamwambia dada yangu akukatae."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mtaa wa karakana ndiko mwanangu anakochomelea mageti.

Nikamvuta mkamwana wangu, nikamfunika kichwa kwa khanga yangu. Ukuta wa shule tukaupita salama. Kwenye kituo cha mafuta basi likasimama, na ng'ambo ya barabara nikaziona cheche za bluu. Mwanangu kavaa kinyago cha chuma, kainamia geti, akipunguza kazi kabla ya kesi ya saa nne. Hakutuona. Nikaona heri nijue mapema pa kushukia, nisije nikazubaa mlangoni. Nikainama mbele.

"Dereva mwanangu, sisi wa mahakamani, mimi na huyu wa mkono, tushukie wapi hasa?"

Sasa sikiliza kosa lilipo. Basi likichepushwa, dereva huwasha pia spika ya nje, ile iliyo juu ya mlango, kwa sababu wanaongoja kwenye vituo vya muda hawana kibao wala alama. Bila sauti hawajui basi lipi linakwenda wapi. Akishaliondoa basi huizima. Lakini hapo tulikuwa bado tumesimama, na yeye, kwa mazoea ya asubuhi ile, akanijibu kwa kipaza sauti.

"Bibi na dada mwenye plasta mkononi, mnaokwenda mahakamani, kituo chenu ni nyuma ya ghala la mbao. Mtapita uchochoro, dakika saba kwa miguu."

Mtaa mzima ulisikia. Cheche zikazimika. Mwanangu akainua kinyago, akatazama basi, dirisha kwa dirisha, mpaka akanifikia mimi. Kisha akaokota nondo, akapanda pikipiki.

"Usisimame huko!" nikamwambia dereva. "Yule ni mumewe. Atamuua."

Rangi ikamtoka. "Bibi, lazima nisimame, wanaoningoja pale hawana basi jingine. Ila nyinyi msishuke. Nitafungua mlango wa mbele tu, kisha niwapeleke hadi baada ya daraja."

Malori yalijaa mtaani, nyuma mbele. Tulitambaa kama kobe. Pikipiki ilipita kando yetu.

Nyuma ya ghala hapakuwa na askari wala lango, ni ukuta mrefu, vumbi la mbao, na watu watano wakingoja basi. Kumbe mwanangu kajificha nyuma yao. Mlango ulipofunguka alimsukuma mzee wa kwanza akaanguka, akarukia ngazi. Dereva akabonyeza mlango ujifunge, ukambana bega. Nondo ikapiga kioo cha mlango kikamwagika chote nje. Ikapiga tena, safari hii taya la dereva. Nilisikia mlio, kama kuni kavu. Meno mawili yakaruka kwenye usukani. Mwanangu akajichomoa mlangoni, akaingia.

Nikasimama njiani. "Mwanangu, mimi mama yako."

"Wewe ndiye mwizi wa mke wangu!" Akanipiga kofi nikaangukia kiti. Akamshika mkewe kwenye plasta, kwenye mfupa uleule, akamburuta. Yowe alilolitoa bado ninalo masikioni. Akamteremsha ngazi kwa mgongo, moja moja, akamtupa juu ya vioo.

"Leo utateleza vizuri," akasema, akainua nondo.

Fundi viatu akafungua kisanduku chake. Alitoka na shazia lake, ile sindano nene ya kutobolea soli, akalizamisha pajani mwa mwanangu mpaka kwenye mpini. Nondo ikadondoka. Hapo ndipo abiria walipomwagika wote, na wapasua mbao wakatoka ghalani na vipande vya mbao. Walimpiga kichwani, mbavuni, vidoleni. Pua yake ikawa si pua tena. Jicho moja likafumba. Mtu akapiga kelele, "Mmalizie!" na jitu moja la ghalani likabeba gogo kwa mikono miwili.

Niseme kweli. Miguu yangu ilitaka kwenda kumlalia, kwa maana nilimnyonyesha. Haikwenda. Nilikaa ngazini mwa basi, dereva kaketi kando yangu, khanga yangu nimeibana kwenye shavu la dereva, damu yake ikinipita vidoleni, nikalitazama lile gogo likipanda juu.

"Muacheni!"

Sikuijua sauti ile. Alikuwa mkamwana wangu, kapiga magoti vioo vikimchoma, mkono umening'inia.

"Dada, huyu alitaka kukuua," akasema mwenye gogo.

"Najua. Muacheni, nasema!"

"Bado unamhurumia?" akauliza mwanamke mmoja. "Haya, mpeleke nyumbani ukampikie uji!"

Mwanangu alitema damu, akatabasamu kwa upande uliobaki. "Mmesikia? Ni mke wangu huyo. Atawaambia mwenyewe, aliteleza."

Mkamwana wangu akanyanyuka taratibu. Nikamwendea nimshike, akanisukuma kwa kiwiko, si kwa ukali.

"Mfungeni kamba," aliwaambia wale wa ghalani. "Mmbebe mje naye mahakamani, dakika saba tu. Nataka awe hai, akae kizimbani na masikio yake yote mawili, anisikie." Akageuka, akamtazama usoni. "Sikuteleza mimi. Ulinipiga wewe. Na nyumbani kwako sirudi."