Nakala kwa Kaunti

Barua yenyewe ilikuwa na adabu zake zote. Wapangaji wa ghorofa la Mzee Mwinyihaji, Mikindani, walimwomba ruhusa ya kuweka tangi la maji juu ya paa kwa gharama yao, maana mifereji ilikuwa ikitoa upepo tu. Agneta ndiye aliyeiandika. Aliishi juu kabisa na mamake aliyepooza, na maji ya kumwoshea aliyapandisha kwa mtungi kila siku, mpaka kiuno hakikumpa usingizi tena.

Ingeishia hapo, wallahi, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini alihofia mwenye nyumba angewazungusha, akaongeza chini: "Nakala: Ofisi ya Majengo, Kaunti."

"Hiyo ya nini, dada?" akauliza Kyalo, jirani wa chini.

"Ajue hatuchezi!"

Akazipeleka zote mbili. Mzee alijibu upesi: "Wekeni, wanangu. Mungu awape wepesi." Wakachanga, tangi likaletwa, likalazwa uani kumngoja fundi. Agneta akalipigapiga kwa kiganja, akipanda ngazi huku akicheka.

"Mama, utaoga mpaka useme basi!"

Kabla fundi hajaja, akaja mkaguzi wa kaunti, ile nakala mkononi.

"Nani alituandikia?"

"Mimi," akasema Agneta, kidevu juu. Maskini!

Mkaguzi alikagua paa, kisha akaingia chumbani kwa Agneta, maana paa lile ndilo dari yake. Akagonga kwa nyundo. Bonge la plasta likaanguka karibu na kitanda cha mgonjwa, nondo zikaonekana, zimeliwa na kutu hata nyingine zimekatika.

"Lile tangi la uani likijaa ni tani tano," akamwambia Agneta walipotoka ngazini. "Mngelipandisha, mngezikwa nyote. Na hata bila tangi, hapa hapakaliki."

Akashuka, akachora alama ya X nyekundu ukutani. Wiki mbili, wote wawe wamehama.

Hakuna aliyemshukuru Agneta kwa kuziokoa roho zao. Kyalo alimpita ngazini kama hamjui. Mzee Mwinyihaji alikuja kutoka Jomvu Kuu, akasimama uani akiitazama ile X, macho yamemjaa maji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, ungekuja tu nyumbani ukaniambia. Mimi ningekunyima maji?"

 Agneta alihangaika Changamwe nzima akitafuta chumba cha chini. Kila mwenye nyumba aliposikia habari za mgonjwa asiyeinuka, chumba kilikuwa kimeshachukuliwa.

Jioni moja alipandisha mtungi wake kama kawaida. Majirani wengi walikwisha hama, na ngazi zilikuwa kimya. Akachovya kitambaa, akaanza kumfuta mamake mgongo, chini ya zile nondo.

"Agneta," mama akasema kwa ulimi mzito, "lile tangi limeshapandishwa?"

"Limepanda, mama."

"Basi nimwagie mengi leo."

Agneta akautazama mtungi. Akaumwaga wote.