Kijumbe na Ndiyo Tatu

Umeme ulirudi alfajiri, na Kijumbe aliuwahi kabla haujabadili mawazo. Alitandaza shati la baba yake mezani, akapiga pasi kola, mifuko na ile nembo ya kampuni ya ulinzi iliyoanza kubanduka. Mzee alikuwa lindoni na angerudi asubuhi, alale, avae shati hilo jioni. Umeme wenyewe ulikuwa haujulikani utakatika saa ngapi, kwa hiyo mambo ya jioni yalifanywa alfajiri.

Jina la Kijumbe alilipata utotoni. Baba na mama yake wakinuniana, ndiye aliyepeleka maneno: mwambie baba yako chakula tayari, mwambie mama yako nimeshiba. Huko katikati akayapunguza makali. Mama akisema, "Mwambie asinisumbue," yeye alifikisha, "Mama amechoka kidogo." Akajifunza mapema kwamba amani ya nyumba ni kumpa kila mtu jibu analolitaka. Tabia hiyo ilimfaa sana, mpaka alipomaliza shule.

Siku hiyo ilikuwa ya mwisho kuthibitisha masomo. Ofisi ya udahili ilimpa nafasi katika kozi tatu, uuguzi, ualimu na ufundi wa majokofu, na kabla dirisha halijafungwa alasiri alitakiwa kuchagua moja. Asipotokea, nafasi zote wangepewa wengine, na mtaani walijaa waliosubiri mwaka unaofuata mpaka wakazoea kusubiri.

Tatizo halikuwa kuchagua. Tatizo ni kwamba alikuwa amekwisha kusema ndiyo mara tatu. Baba alisema uuguzi, akajibu, "Ndiyo, baba." Mwalimu wake wa zamani alisema ualimu, akajibu, "Ndiyo, mwalimu." Shosti, rafiki yake wa tangu darasa la kwanza, alimwambia aachane na vyuo wauze vipodozi, na kwake pia akasema, "Ndiyo, tutafanya." Huko ndani ya moyo alikuwa na lake: friji. Ila hilo hakuna aliyemuuliza, naye hakulisema.

Mama yake alishonea barazani. Mwalimu alifika asubuhi kuchukua suruali iliyopunguzwa upindo, akakutana na baba akitoka lindoni, macho mekundu, kofia mkononi. Shosti naye alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, rangi ya waridi imemganda kwenye kucha.

"Hongera, mzee," mwalimu alisema. "Binti anakuja upande wetu."

"Upande gani?"

"Ualimu. Nimeshaomba jina lake liandikwe kwenye ukuta wa shule, pamoja na wenzake waliopata vyuo."

Baba alipeleka mkono kichwani kuvua kofia ambayo tayari alikuwa ameivua. "Mwalimu, huyu ni nesi. Lindo zima linajua."

"Jamani," Shosti alisema kwa sauti ndogo, "mbona tumeshapaka rangi kibanda?"

Cherehani ilinyamaza. Wote wanne walimtazama Kijumbe aliyesimama mlangoni, naye alitamani ardhi ipasuke. Akatafuta lile neno la kupunguza makali akalikosa, maana safari hii maneno yote matatu yalikuwa yake.

"Umetudanganya?" baba aliuliza. Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha.

"Nisameheni," alisema. "Nilishindwa kumkatalia mtu. Kila mmoja wenu nilimwona ananitakia mema."

"Mteja huja kwangu na shangazi zake watatu," mama alisema, uzi bado uko mdomoni. "Kila shangazi na mshono wake. Mimi nawasikiliza wote, halafu namwambia mwenye gauni: inama, kaa, inua mkono. Wewe umekuwa unawavalisha shangazi."

Mwalimu alicheka kidogo, na kicheko hicho kikampa Kijumbe nafasi ya kupumua.

"Ushauri wenu siutupi," alisema. "Nipeni mpaka adhuhuri niupime. Mwalimu, wale waliotutangulia kwenda ualimu, nani naweza kuongea naye?"

Mwalimu alikunja suruali yake polepole. Alikuwa mtu mkweli, ila ukweli wake ulipenda kuombwa. "Mmoja anafundisha shule ya binafsi," alisema. "Mshahara unakuja unapojisikia. Wengine wanasubiri ajira. Lakini una kichwa, binti yangu. Mimi naogopa kichwa chako kipotee."

"Nimekusikia, mwalimu. Hilo nitalishika."

Kwa Shosti ilikuwa rahisi na ngumu zaidi. Shosti alitoa simu akamwekea Kocha, yule jamaa wa mtandaoni mwenye miwani na gari ambalo halijawahi kuonekana likitembea. "Shule ni mtego," Kocha alisema ndani ya simu. "Jiajiri leo."

"Yeye mwenyewe anauza nini?" Kijumbe aliuliza.

"Masomo. Ya jinsi ya kujiajiri."

Walitazamana. Shosti ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akaacha ghafla. "Mimi najua ni mwongo," alisema. "Ila ukienda chuo nabaki na nani?"

Basi, ndilo lilikuwa lenyewe. Si vipodozi. Kijumbe alimshika mkono akamwambia kwamba kibanda si chake na hatakuwa mshirika, lakini Jumamosi atakuja kumsaidia kupanga bidhaa, na safari hii anamaanisha. Shosti alinuna. Hata hivyo hakuondoka.

"Na wewe, baba," Kijumbe alisema. "Nitakwenda zahanati nimwone nesi kazini."

"Nenda," baba alisema. "Utaona mtu mwenye kazi ya kueleweka." Aliingia ndani kulala bila kunywa chai.

Zahanati ilikuwa na benchi moja na kina mama wengi. Nesi alisimama mlangoni akiwaambia wenye watoto wachanga kwamba leo hakuna chanjo. Friji ya chanjo ilikuwa imezima. Chupa zilizookolewa zilipelekwa kituo kingine ndani ya kisanduku cha barafu, na fundi alikuwa anasubiriwa kutoka makao makuu. Mama mmoja aliyetembea kwa miguu tangu gizani hakulalamika hata kidogo. Alimfunga mtoto upya mgongoni akageuka.

Kijumbe alingoja mpaka nesi akakaa. Hakumuuliza kama kazi ni nzuri, maana swali hilo kila mtu hulijibu kwa kufuata alivyolala. Alimuuliza jana alifanya nini tangu asubuhi mpaka jioni, na waliomaliza pamoja naye wako wapi.

"Jana nilizalisha, nikafagia, nikaandika ripoti," nesi alisema. "Na wenzangu? Wawili hao hapo." Alionyesha kwa kidevu wasichana wenye sare nyeupe. "Wana vyeti kama changu. Wanajitolea. Wanasubiri nafasi zitangazwe, na wagonjwa wanasubiri wauguzi. Usiniulize kwa nini pande mbili zinasubiriana, hata mimi sijui."

"Na fundi wa friji?"

"Huyo hata wa kujitolea hatuna. Tunaye Baridi, pale jirani na kwenu, angeitengeneza leo. Lakini hana cheti, haruhusiwi kuigusa."

Baridi alikuwa fundi wa mtaani mwenye karakana iliyopakana na baraza la mama. Likizo zote Kijumbe alimshikia taa, baadaye akashika mtungi wa kuchomelea mwenyewe. Alijua mikono inavyonuka, mgongo unavyouma, na wateja wanavyosema "nakuja kesho". Tena Baridi mwenyewe alikuwa akimwambia, "Usije huku, utazeeka kabla ya wakati." Njiani kurudi Kijumbe alipita kumuuliza hasa ni nini kilichomzeesha.

"Kazi kubwa zinanipita," Baridi alisema. "Hoteli, hospitali, wote wanataka cheti. Kama ningekuwa nacho nisingesema hivyo." Alifuta mikono kwenye suruali. "Ukienda chuo, uliza kama karakana ina gesi ya mazoezi. Friji haijifunzwi ubaoni."

Nyumbani baba alikuwa macho, amelala chali. Kijumbe alikaa sakafuni kando ya kitanda, maana jambo hili hakutaka limfikie kwa mdomo wa mtu mwingine.

"Nimekwenda ulikonituma, baba."

"Enhe."

"Nesi anaheshimika, ulivyosema ni kweli. Lakini waliosoma kama yeye wapo pale bila mshahara. Nataka friji, baba. Nimeishika, najua ubaya wake."

Baba alijiinua kwa kiwiko. Miaka yake yote alikuwa kwenye mkataba wa kuandikwa upya, na kila ulipokaribia kuisha alianza kuwasalimia mabosi kwa kuinama zaidi. "Serikali ina kazi ya hiyo friji?"

Hapo ndipo ndiyo ya zamani ilipomjia mdomoni, tamu, tayari. Aliimeza.

"Sijui. Zahanati wanamhitaji fundi, lakini nafasi haijatolewa, na huenda isitolewe. Ila fundi akikosa ajira anafungua mlango barabarani. Nesi hawezi kuchoma watu sindano barazani kwa mama."

"Nilishawaambia wenzangu."

"Najua. Nimekuaibisha, nisamehe."

Baba aligeukia ukutani. Kijumbe aliumia, na hakujaribu kuyapunguza makali. Alipofika mlangoni ndipo aliposikia, "Viatu hivyo vimekwisha. Vaa vya mama yako."

Kwenye ofisi ya udahili foleni ilizunguka jengo. Mtandao ulikatika, ukarudi, ukakatika. Karani alikula karanga akiwaangalia watu kana kwamba wao ndio walioukata. Simu ya Kijumbe ilitetema, ilikuwa mwalimu. Aliipokea, akamsalimia kwa adabu zote, kisha akamwambia kabla hajaulizwa: amechagua friji, na kama ukutani pana nafasi waandike hivyo hivyo. "Sijafurahi," mwalimu alisema, "lakini umenijibu." Kisha akakata.

Zamu yake ilifika dirisha likikaribia kufungwa. Karani alimtazama, akatazama kioo cha kompyuta, akamtazama tena.

"Majokofu? Dada, kule wamejaa wanaume. Nakushauri upishi. Nafasi zipo."

Kijumbe nusura acheke. Kumbe hata huyu. "Asante, kaka. Karakana ya majokofu ina gesi ya mazoezi?"

Karani alitafuna karanga. "Gesi tuliomba mwaka jana, haijaja. Mnasoma kwa michoro."

Nyuma yake foleni ilisukuma. Cheti angepewa, na kwa cheti hicho angeruhusiwa kugusa friji ambayo Baridi, anayeijua kweli, hakuruhusiwa. Alimkumbuka yule mama akifunga mtoto upya mgongoni. Basi kusoma kungekuwa kwa chuo, na kujua kungekuwa kwa Baridi, kila jioni, baada ya michoro. Hasira zilimpanda, akaziacha zipande, na mkono wake ukabaki pale pale dirishani.

"Nimekusikia, na asante," alisema. "Andika majokofu."

"Haya. Usije ukarudi hapa ukasema hukushauriwa."

"Nilishauriwa sana, kaka," Kijumbe alisema. "Andika."