Mrija Wangu kwa Mama Kristiana

Tangu mke wangu afariki, mwaka wa operesheni ya vijiji, mimi Fanueli Mbonile nilikuwa na vitu viwili tu: lori la ushirika ninaloendesha, na nafasi yangu kwenye chungu cha kimpumu, pombe yetu ya ulezi inayoongezwa maji ya moto na kunywewa kwa mirija, kwa Mama Kristiana, pale Mazwi. Kila jioni tulikizunguka watu wanne, kila mtu na mrija wake. Wakiondoka, wenzangu walikwenda kwa wake zao. Mimi nilikwenda nyumbani kwangu Chanji, nikafungua kufuli.

Mwaka mmoja tabibu Sebastiani alipotupima madereva, alikataa kunisainia cheti cha kuendesha. Presha ilikuwa mia na sabini kwa mia na tano. Akaniita tena asubuhi, sijala kitu, nikatolewa damu. Ilipotulia kwenye kichupa, maji ya juu yalikuwa meupe kama maziwa. Akasema yale ni mafuta, na pombe inayazidisha, kama inavyopandisha presha. Akauliza nakunywa kiasi gani. Nikajibu kwa kiburi kwamba tunashiriki chungu kimoja tu.

"Na maji ya moto mnaongeza mara ngapi?"

Sikujua. Nani anahesabu? Hiyo ndiyo hila ya kimpumu: chungu ni kilekile, na unaondoka umelewa. Akanipa mwezi mmoja: kikombe kimoja kila Jumamosi, nje ya chungu, la sivyo lori apewe mwingine.

Nikachomeka mrija wangu kwenye nyasi za paa la kilabu, nikaenda zangu. Mwezi ule ulinikera vibaya. Usingizi ulinipaa siku za mwanzo. Nilipika ugali wa mtu mmoja, nikazungumza na sufuria. Jumamosi Mama Kristiana alinipa kikombe kwenye benchi la pembeni, wenzangu wakinipa migongo. Hakuna hata mmoja aliyekuja Chanji kuniuliza hali. Iliniuma, sitaki kusema uongo.

Mwezi ulipokwisha, presha ilikuwa mia na arobaini na nane kwa tisini na mbili. Bado iko juu, tabibu alisema, lakini imeshuka vya kutosha. Kichupa cha damu kilikuwa na maji ya manjano, safi. Akasaini, kisha akaniambia nikirudia ya zamani, maziwa yale yatarudi.

Jumamosi hiyo nikaenda kilabuni na habari yangu. Wakafurahi kweli. Alfonsi, mmoja wa wale watatu, akasogea kuniachia nafasi, akauchomoa mrija wangu kwenye nyasi, akaupangusa kwa shati lake.

"Umeshapona, kaka. Njoo ukae."

Mwezi mzima nilikuwa nikisubiri maneno hayo. Nikashika mrija, nikaangalia ndani ya chungu. Mama Kristiana alikuwa anakuja na birika la maji ya moto.

Nikamwambia Alfonsi kesho alfajiri naenda Muze na lori. Nikatia mrija mfukoni. Nilipofika mlangoni nikageuka, nao walikuwa wameshasogeleana, nafasi yangu haionekani.