Deni la Mama Kimya

Sufuria kubwa ilimwangukia mwenye duka la vyombo kwenye mkono wa kulia siku nne kabla mwaka wake wa zaka haujatimia, na kama isingemwangukia, mkewe asingejua lolote. Kila mwaka mume huyo alijifungia stoo na daftari lake la jalada jeusi, akatoka jioni na jumla moja tu mdomoni. Mke alikuwa akisikia jumla, akisema alhamdulillahi, basi. Safari hii vidole vilikuwa vimefungwa bendeji mpaka kwenye kifundo, na ilibidi mtu mwingine ashike kalamu.

"Mama watoto, njoo uniandikie," alisema, na mkewe akaona jinsi alivyosema kama mtu anayeng'olewa jino.

Walianza na bidhaa. Mke alihesabu mabeseni, madumu, vikombe na masufuria, mume akataja bei. Alipotaja bei waliyonunulia, akajirekebisha mwenyewe.

"Siyo hiyo. Andika bei ya kuuzia leo. Zaka haitazami ulinunua kwa ngapi."

"Na mizani? Rafu? Mkokoteni?"

"Hivyo siuzi, natumia. Viache."

Bidhaa zikafika milioni thelathini na moja. Akiba ya benki na ya sandukuni, tisa. Wateja wanaoaminika walikuwa wakidaiwa mbili, nazo zikaingia, maana deni la mtu mwenye kulipa ni kama pesa iliyo mfukoni. Jumla milioni arobaini na mbili. Mwenye kiwanda cha masufuria alikuwa anawadai sita, zikatolewa. Zilibaki thelathini na sita.

"Nigawe kwa arobaini tupate zaka?" mke aliuliza.

"Bado mstari mmoja. Lete kalamu, huo nitauandika mwenyewe."

Kwa mkono wa kushoto? Mtu aliyeshindwa asubuhi kujifunga kifungo cha shati! Mke alimpa kalamu, akajifanya anapanga vikombe. Mume alikwaruza, akafunika daftari, akaenda kutawadha. Na binadamu ni binadamu. Kabla maji hayajaanza kumwagika bombani, daftari lilikuwa limeshafunuliwa.

*Deni, Mama Kimya, 3,000,000.*

Alifunua mwaka jana. Mama Kimya, milioni tatu. Mwaka juzi, hivyo hivyo. Akarudi nyuma ukurasa baada ya ukurasa mpaka wa kwanza, miaka kumi na sita bila kuhesabu huu, na kila mwaka mwanamke yule yule, pesa zile zile. Akakaa juu ya dumu. Miaka kumi na sita ni umri wa ndoa yao. Huyo mwanamke aliingia nyumbani siku moja na yeye.

Wako wanawake wanaopiga kelele wakiona moshi, na wako wanaoutafuta moto kwanza. Yeye alikuwa wa pili, na alijivunia hilo, ingawa usiku ule alilala akiuangalia mgongo wa mumewe kama mlango wa nyumba ya mtu mwingine.

Kesho yake alikuwa na hesabu yake mwenyewe. Dhahabu aliyoiweka sandukuni bila kuivaa ilikuwa mali yake, si ya mume, na zaka yake ilikuwa juu yake. Aliipeleka kwa sonara, akaisimamia mizani asiibiwe hata punje. Vito vilitolewa pembeni, maana jiwe si dhahabu. Zilibaki gramu mia na kumi na mbili za karati ishirini na moja. Sonara akapiga hesabu: dhahabu safi ndani yake gramu tisini na nane, imevuka kiwango cha themanini na tano, zaka inakulazimu.

"Hivi unamjua Mama Kimya?" mke alimuuliza ghafla.

"Simjui. Anauza nini?"

"Ndilo ninalotafuta."

Aliuliza sokoni, akauliza kwa wauza mabeseni. Hakuna aliyemjua, na hilo lilizidi kumtia wasiwasi, kwa sababu mwanamke asiyejulikana na mtu anafichwa na mtu. Mwishowe akaenda kwa mwalimu wa msikiti, mzee wa kusikiliza mno, ambaye watu humpelekea hesabu zao za zaka azikague.

"Mwalimu, nina jirani yangu," alianza.

"Majirani zenu wana maswali mengi," mwalimu alisema. "Haya, mama yangu."

"Mumewe kila mwaka anatoa deni la mtu kwenye hesabu, lakini halilipi. Ni sawa?"

Mwalimu alikuna kidevu. "Wanazuoni wamehitilafiana. Wengine hawatoi deni kabisa. Wanaotoa, wengi wao wanataka liwe deni linalodaiwa na ambalo mtu amekusudia kulilipa. Deni la kuandika tu mwaka hadi mwaka, wakati moyoni hukusudii kulilipa, linakuwa kisingizio cha kupunguza haki ya masikini. Huyo jirani amuulize mumewe alikusudia nini."

Jirani alirudi nyumbani mbio. Mume alikuwa chumbani, mkono wenye bendeji kifuani. Mke akafunga mlango, akalitupa daftari kitandani.

"Mama Kimya ni nani? Ana watoto wangapi?"

Mume aliangalia daftari, akamwangalia mkewe, akacheka kidogo, kisha kicheko kikamfia mdomoni.

"Ni wewe."

"Usinifanye mtoto."

"Mahari yako ilikuwa milioni tano. Nilitoa mbili, tatu nikaomba muda. Shangazi yako alikuuliza kama umeridhika, hukujibu, ukainamisha kichwa tu. Nikakupachika jina. Nimekuandika kila mwaka ili nisisahau."

Mke alishusha pumzi, na furaha ilimwingia waziwazi: hakuna mwanamke mwingine. Ilimkaa muda wa kufumba na kufumbua. Kisha akaliangalia tena daftari, na hasira ikamjia juu ya ile furaha.

"Ulikusudia kunilipa lini?"

Mume alilisukuma daftari pembeni.

"Wewe hukudai," alisema.

"Mwenye kiwanda umemlipa kila mwezi, kwa sababu anapiga simu. Angekuwa mwanamke mwingine kweli, ungeshamlipa zamani. Wakati ule milioni tatu zingeninunulia gramu sitini za dhahabu. Leo ni gramu kumi. Mimi nimesinyaa humo ndani ya daftari lako, baba watoto, na wewe umepata nafuu ya zaka juu yangu."

Alasiri, mwaka ukiwa bado haujatimia, mume alikwenda benki, akarudi na bahasha. Aliiweka mezani, lakini vidole vya kushoto vikabaki juu yake. Alikuwa anangoja. Wake wengi hapo husema nimekusamehe, bahasha ikarudi ilikotoka, na nyumba ikalala kwa amani.

Mke aliivuta bahasha, akahesabu noti zote, akaifungia sandukuni, akarudi kukaa.

"Sasa una thelathini na tatu kwa haki," alisema. "Zaka ya mwaka huu laki nane na elfu ishirini na tano."

"Tumemaliza," mume alisema kwa sauti ya mgonjwa.

"Hatujamaliza. Milioni tatu ulizozitoa kila mwaka bila kukusudia kulipa, zaka yake elfu sabini na tano. Mara kumi na sita, piga mwenyewe."

Alipiga. Midomo ilicheza bila sauti, na jibu lilipomfikia aliinamisha kichwa.

"Milioni moja na laki mbili," alisema. "Hizo nazo ni zako?"

"Si zangu. Za masikini. Na wao hawakudai."

Akamsogezea daftari na kalamu, akakaa kungoja mpaka mkono wa kushoto ulipomaliza kuandika.