Ngazi ya Tarishi Bonifasi

Waraka mpya wa mishahara ulifika boma la Newala mwaka mmoja baada ya vita vya Maji Maji. Ulikuwa mrefu, na Sadallah, mlipaji wa mishahara, hakuwa na subira nao.

"Nifupishie, Karani. Kila daraja linaanza na ngapi, linapanda kwa ngapi, linaishia wapi. Basi."

Karani Muharami akachora mistari. Kwa matarishi aliandika: mwanzo rupia kumi na mbili; kila miaka miwili ya kazi ikitimia, ongeza mbili; kikomo kumi na nane. Chini yake palibaki nafasi ya kidole. Akaandika: *Aliyetoroka, ahesabiwe tangu aliporudi.*

Bonifasi alikuwa tarishi tangu miaka minne nyuma. Miaka minne ni nyongeza mbili: rupia kumi na sita. Mkewe Veridiana alikwisha kuzipangia kazi zile nne za juu. Wakati wa njaa walimweka binti yao, Emilia, rehani kwa watu wa Nanganga, wakapewa mtama. Mavuno yakiisha kabla hajakombolewa, atakuwa mtoto wa watu hao moja kwa moja.

Siku ya mishahara Veridiana alisimama mlangoni, kitoto kimelala mgongoni.

"Shikamoo, Bwana Sadallah," alisema Bonifasi.

"Marahaba. Wakati wa vita ulikuwa wapi?"

Bonifasi akacheka. "Swali gani hilo, bwana! Sote tulitoroka. Hata mbuzi walitoroka!"

"Ulirudi lini?"

"Mwaka jana, baada ya masika."

Sadallah akafuata mstari kwa kidole. "Basi una mwaka mmoja tu. Ngazi ya kwanza. Kumi na mbili."

"Lakini kijiji kilichomwa moto!"

"Umesema mwenyewe umetoroka. Mwingine!"

Veridiana alimfuata Muharami barazani. "Baba, huo waraka wenyewe umesema hivyohivyo?"

Muharami akaufungua, akasoma kwa sauti, kisha sauti ikapungua. Waraka ulisema: aliyeacha kazi kwa hiari yake. Aliyefukuzwa na vita, akarudi boma lilipofunguliwa, miaka yake haikatiki.

"Hayo hukuyaandika."

"Nafasi ilikuwa ndogo, Mama Emilia. Nikaona neno 'aliyetoroka' linatosha."

Karani alirudi ndani mbiombio. Veridiana alimsikia Sadallah akifoka: "Mimi nilipe kwa kukisia? Nimelipa kwa muhtasari wako! Bwana mkubwa ametia sahihi, orodha imekwenda Lindi. Masahihisho mwakani!"

Muharami alitoka akiangalia sakafu. "Mwakani atapewa kumi na sita yake. Nitamwandikia mimi mwenyewe, vizuri."

Veridiana alikaza nguo iliyomfunga mtoto.

"Andika, baba. Ila mwakani Emilia atakuwa anamwita mama mtu mwingine."