Uzi Mwekundu Kwenye Gurudumu la Mkunga

Pale karakana walimwita Sabuni, kwa sababu hakushika kikombe cha chai kabla ya kunawa mikono mpaka kwenye viwiko. Kaka yake, mwenye karakana na mwalimu wake wa kazi, aliwaambia wateja kwamba mdogo wake alipotea njia tu, alitakiwa azaliwe bibi harusi. Sabuni alicheka nao. Grisi haikumsumbua, grisi ni kazi. Kilichomtia kichefuchefu ni uchafu uliofichwa: kitambaa kilichooza chini ya benchi, sahani iliyofutwa kwa kiganja badala ya kuoshwa.

Karakana ile ilikuwa na desturi yake. Gurudumu halikutoka mlangoni bila uzi kwenye mdomo wa tyubu. Uzi wa kaka ulikuwa wa bluu, wa Sabuni mwekundu. Maana yake kila mteja aliijua: mkono wangu umelipima hili, likikuangusha nilaumu mimi.

Asubuhi hiyo mkunga aliingia akiikokota baiskeli, begi la kazi begani.

"Inalia tena, fundi," alisema. "Tik, tik, tik, kila nikikanyaga pedali. Na gurudumu la mbele linakata kiuno kama liko ngomani."

Ilikuwa mara ya tatu. Alieleza kwamba kuna mzazi ng'ambo ya bonde ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, naye lazima ateremke ule mlima wa kokoto sasa hivi. Kaka, aliyekuwa anaziba tyubu kwenye beseni, hakuinua hata kichwa. Alimwambia Sabuni akaze spoki mbili tatu, amwache dada wa watu aende zake.

Sabuni aliinama. Kwenye mdomo wa tyubu aliuona uzi. Ulikuwa mwekundu.

Alikumbuka Jumamosi moja, wiki tatu nyuma. Yeye alikuwa mbioni kwenda kwenye ibada, shati jeupe mwilini, na kaka akamwambia gurudumu la mkunga limeshawekwa ringi mpya na kunyooshwa, ila uzi wa bluu umekwisha, amfungie wake. Alifunga kwa ncha za vidole, asije akachafua shati. Hakulishika. Kisha akaenda kumwomba Mungu aitakase kazi ya mikono yake.

Aliinua sehemu ya mbele ya baiskeli, akaishika ringi juu na kuisukuma kushoto na kulia. Kwenye habu, pale katikati gurudumu linapozungukia, kitu kiligonga. Ko, ko. Habu ilikuwa imelegea, na kaka mwenyewe ndiye aliyemfundisha kwamba hugusi spoki kabla hujaiponya habu, kwa maana utanyoosha ringi leo na kesho itaegemea upande mwingine, uanze kufukuza kivuli.

Alichomoa gurudumu, akafungua nati, akatoa koni inayobana gololi. Harufu ilimpiga usoni kabla hajaona chochote. Ndani hamkuwa na grisi. Mlikuwa na mafuta ya kupikia yaliyochacha, ya rangi ya usaha, yamechanganyika na vipande vya mfuko wa plastiki vilivyoshindiliwa ili habu isigonge. Plastiki ilikuwa imesagika, na nywele za nani sijui zimejisokota kwenye ekseli. Gololi upande huo zilikuwa sita. Zinatakiwa kumi.

Aligeuka akatema mate nje.

"Umeona nini?" mkunga aliuliza.

"Bado naangalia, dada."

Alipitisha kidole kwenye spoki, moja baada ya nyingine. Nyingine zilitoa mlio mkali, zimekazwa kupita kiasi. Tatu zilizofuatana zilijibu kwa sauti ya ugonjwa, tup, tup, tup. Hizo ndizo zilizokuwa zinalia, zikisuguana na nyingine pale zinapokatizana kila uzito unapozifikia. Alijaribu kuikaza mojawapo kwa robo mzunguko. Ilikubali, kisha ikalegea palepale. Akakaza tena. Kichwa cha spoki kilizama ndani ya ringi kama kidole kwenye papai bovu.

Alimwagia kitambaa mafuta ya taa akasugua mahali pale. Rangi ya fedha ilitoka, na chini yake kitu cheupe kilichokaukia kwenye tundu la spoki. Alikikwangua kwa ukucha, akakinusa. Kilikuwa na harufu ya ndimu. Aliijua harufu hiyo kila siku ya maisha yake, ilikuwa sabuni yake mwenyewe.

Chini ya sabuni ulikuwepo ufa. Ulitoka tundu la kwanza, ukapita la pili, ukafika la tatu, mwembamba na mweusi. Ringi haikuwahi kubadilishwa. Ni ileile kuukuu, imepakwa rangi, na kila mara mkunga aliporudi kulalamika kaka alizidi kukaza spoki za jirani, nazo zikazidi kuupanua ufa.

Kaka alikuwa amekuja kusimama nyuma yake. Alisema kwa sauti ya chini kwamba ringi mpya hazikupatikana wiki ile, kwamba nyufa ndogo hazina neno, na mambo ya ndani ya karakana ni ya ndani. "Kaza, mdogo wangu. Ana haraka."

Pumzi yake ilinukia vitunguu na chai ya maziwa, na Sabuni alishangaa kwamba pumzi ya ndugu, aliyolala nayo kitanda kimoja utotoni, inaweza kumkinaisha hivyo. Lakini akitazama uzi ule mwekundu, kinyaa kilimrudia yeye. Mafuta yaliyochacha aliyatia kaka. Kiapo cha uzi alitia nani?

Alisimama, akaliweka gurudumu mbele ya mkunga.

"Dada, ringi hii ina ufa, na imefichwa kwa sabuni. Ungeteremka nayo, ingekunjika. Uzi huu ni wangu, na niliufunga bila kupima."

Mkunga aliinama akautazama ufa. Uso wake ulijikunja kama wa mtu aliyekuta nywele kwenye chakula alichokwisha kumeza.

"Nimepanda hii wiki tatu," alisema. "Juzi nilimbeba mtoto wa watu."

Sabuni alikwenda mlangoni, kwenye baiskeli ya kaka, ya ukubwa uleule, akalegeza nati na kuchomoa gurudumu la mbele. Kaka aliuliza yeye atarudije nyumbani.

"Panda hili," Sabuni alisema, akimwonyesha lile la ufa. "Si umesema halina neno?"

Kaka alirudi kwenye beseni lake.

Sabuni aliishika ringi ya gurudumu la kaka, akaisukuma huku na huku. Ilicheza kidogo. Alikaza koni mpaka kule kucheza kukakoma lakini gurudumu likaendelea kuzunguka laini, kisha akaizuia koni kwa spana moja na kuifunga nati kwa nyingine. Alilifunga kwenye foku ya mbele ya baiskeli ya mkunga, akalizungusha akitazama nafasi kati ya ringi na mpira wa breki. Mahali pamoja iliegemea kulia. Alikaza kidogo spoki za kushoto hapo, akalegeza za kulia, akazungusha tena mpaka nafasi ikawa moja. Ndipo akafunga uzi mwekundu.

Mkunga hakushukuru. Alilitikisa mwenyewe gurudumu, mara mbili, akapanda, akaondoka bila mlio.

Sabuni alikwenda kunawa. Kwenye kisahani kipande cha sabuni kilikuwa na shimo la ukubwa wa kidole gumba. Alikitupa jalalani, akasugua mikono kwa mchanga hadi ikawaka. Kisha alichukua mkasi, akaenda ukutani yalikotundikwa magurudumu yanayosubiri wenyewe, akakata nyuzi zote nyekundu. Akalishusha la kwanza, akaishika ringi, akaitikisa.